Milinganyo ya nomali au mchanganuo wa QR: ipi uitumie kutatua miraba midogo kabisa?

Chukua vipimo vitano vya mwaka hadi mwaka, kuanzia 2001 mpaka 2005: 3, 5, 7, 9 na 11. Ukivitazama tu unaona vinapanda kwa 2 kila mwaka. Tunataka kompyuta ituambie jambo hilohilo, yaani itafute mstari y = c + m·t unaopita karibu kabisa na nukta hizo, t ikiwa ni mwaka wenyewe. Jibu tunalijua kabla hatujaanza: m ni 2, na c ni −3999. Nimechagua data isiyo na kasoro makusudi, ili kosa lolote litakalotokea liwe la njia ya kukokotoa, lisisingiziwe vipimo.

Njia mbili zinazotumika sana kwa kazi hii ni milinganyo ya nomali na mchanganuo wa QR. Kihisabati zina jibu moja. Lakini kompyuta haihifadhi kila namba kwa ukamilifu wake; inahifadhi tarakimu kadhaa na kuzitupa zinazobaki. Nitazipitisha njia zote mbili kwenye kikokotoo cha kubuni kinachoshika tarakimu sita muhimu tu, kikikadiria baada ya kila hatua. Moja itatoka na 2.00000. Nyingine itagawanya kwa sifuri, na hata ukiihurumia itakwambia 0.2.

Kila njia inafanya nini

Panga data kwenye matriksi A yenye safu wima mbili: ya kwanza ni moja tupu, ya pili ni miaka. Vipimo viweke kwenye vekta b. Tunatafuta x = (c, m) inayofanya urefu wa baki, b − Ax, uwe mdogo kabisa.

Baki likiwa fupi kabisa, linakuwa limesimama kwa pembe mraba juu ya kila safu wima ya A. Ukiandika sharti hilo kwa alama unapata:

```
AᵀA x = Aᵀb
```

Hiyo ndiyo milinganyo ya nomali. Jina huhusishwa na hiyo pembe mraba, kwa hiyo anayeita “milinganyo ya kawaida” anapoteza maana yake. Legendre alichapisha njia ya miraba midogo kabisa mwaka 1805, Gauss akafuata mwaka 1809, na kwa zaidi ya karne moja hivi ndivyo ilivyokokotolewa kwa mkono. AᵀA ni matriksi ndogo yenye ulinganifu, na hutatuliwa kwa njia ya Cholesky, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyefanya kazi ya upimaji wa ardhi na kufariki mwaka 1918.

QR haiundi AᵀA kabisa. Inaiandika A kuwa Q mara R, ambapo safu wima za Q zina urefu wa 1 na kila moja imekutana na mwenzake kwa pembe mraba, na R ni pembetatu ya juu. Kwa kuwa kuzungusha au kuakisi vekta hakubadilishi urefu wake, tatizo linabaki kuwa:

```
R x = Qᵀb
```

Hilo linatatuliwa kwa kurudi nyuma kutoka mstari wa chini. Householder alionyesha mwaka 1958 namna ya kuipata R kwa mfululizo wa miakisi, na Golub mwaka 1965 akaifanya kuwa njia ya kutatulia miraba midogo kabisa.

Milinganyo ya nomali kwa tarakimu sita

Tunahitaji jumla tano. Idadi ya nukta ni 5. Jumla ya miaka ni 10015. Jumla ya vipimo ni 35. Jumla ya mwaka mara kipimo ni 70125. Hizi zote zinaingia kwenye tarakimu sita bila kupoteza chochote. Iliyobaki ni jumla ya miraba ya miaka, ambayo kwa usahihi kamili ni 20060055.

Hapo ndipo pa kuangalia. Namba hiyo ina tarakimu nane, na kikokotoo chetu kinashika sita. Ukikadiria kila mraba na kila hatua ya kujumlisha, unaishia na 20060000. Sasa ondoa c kwenye mlinganyo wa pili. Kizidishi ni 10015 ÷ 5 = 2003, na tunatoa 2003 × 10015 = 20060045, ambayo nayo kwa tarakimu sita ni 20060000:

```
20060000 − 20060000 = 0
```

Egemeo, yaani namba tunayopaswa kugawanya nayo ili kupata m, ni sifuri. Kwa kikokotoo hiki, mstari huu hauwezi kupatikana kabisa, ingawa mtoto wa shule angeuchora kwa rula.

Pengine unafikiri kosa ni la kujumlisha ovyo. Basi tujumlishe kwa usahihi kamili, tukadirie mara moja tu mwishoni. 20060055 inakuwa 20060100, na egemeo linakuwa 20060100 − 20060000 = 100. Egemeo sahihi ni 10. Upande wa kulia tunapata 70125 − 2003 × 35 = 20, bila kosa lolote. Kwa hiyo m = 20 ÷ 100 = 0.2, na c = (35 − 10015 × 0.2) ÷ 5 = −393.6. Mstari huu unasema kipimo cha 2001 kilikuwa 6.6 wakati kilikuwa 3, na cha 2005 kilikuwa 7.4 wakati kilikuwa 11.

Tazama vizuri kosa liliingia lini. Kutoa na kugawanya kwenyewe kulikuwa safi. Habari yote kuhusu mteremko ilikuwa kwenye zile tarakimu mbili za mwisho za 20060055, na zilitupwa siku AᵀA ilipohifadhiwa. Baada ya hapo hakuna ufundi wa kuzirudisha. Cholesky au Gauss, mpangilio huu au ule, wote wanapokea matriksi ambayo imekwisha kusahau swali.

QR kwa tarakimu zilezile sita

Nitatumia Gram-Schmidt iliyorekebishwa, kwa kuwa inafuatika kwa mkono kuliko miakisi ya Householder.

Safu wima ya kwanza ina urefu wa √5, yaani 2.23607. Tukiigawanya kwa urefu wake, kila kijenzi cha q₁ kinakuwa 0.447213. Kisha tunauliza safu wima ya miaka inaelekea kiasi gani upande wa q₁: tunazidisha kijenzi kwa kijenzi na kujumlisha, tukikadiria kila hatua, tunapata 4478.84. Sehemu hiyo tunaiondoa kwenye miaka. 4478.84 × 0.447213 kwa tarakimu sita ni 2003.00, na safu ya miaka inabaki:

```
−2, −1, 0, 1, 2
```

Hapa nilisimama kwa muda nilipoikokotoa mara ya kwanza. QR imefanya yenyewe kile ambacho mtu mwenye uzoefu angefanya kwa mkono: imetoa wastani wa 2003 na kubakiza tofauti ya kila mwaka na wastani huo. Utoaji ulifanyika kwenye miaka yenyewe, yenye tarakimu nne, kabla haijapandishwa mraba na kufikia tarakimu nane. Tofauti yote kati ya njia hizi mbili imo kwenye mpangilio huo: nomali inapandisha mraba kisha inatoa, QR inatoa kwanza.

Urefu wa safu iliyobaki ni √10, yaani 3.16228. Vekta b nayo tunaipitisha humohumo kana kwamba ni safu wima ya tatu: sehemu yake upande wa q₁ ni 15.6524, tunaiondoa, kisha tunapima kinachobaki upande wa q₂ na kupata 6.32455. Mteremko ni 6.32455 ÷ 3.16228, yaani 2.00000. Tukirudi nyuma:

```
c = (15.6524 − 4478.84 × 2) ÷ 2.23607 = −3998.99
```

Jibu kamili ni −3999. Mstari huu unatoa 3.01 kwa mwaka 2001. Kikokotoo ni kilekile, tarakimu ni zilezile.

Nieleze kwa nini b nimeipitisha kama safu ya tatu badala ya kuunda Q kisha kuzidisha Qᵀb. Gram-Schmidt iliyorekebishwa, safu zinapokaribiana sana kimwelekeo, hutoa Q ambayo pembe zake mraba zimelegea kidogo, na kulegea huko kunaingia kwenye jibu ukiitumia Q moja kwa moja. Ukiipitisha b kwenye hatua zilezile, kosa hilo linajirekebisha. Householder haina shida hiyo, Q yake inabaki imara mpaka mwisho wa tarakimu, na ndiyo maana maktaba za hesabu huitumia. Gram-Schmidt ya asili, isiyorekebishwa, usiitumie kwa kazi hii.

Kipimo kinachoamua: κ na mraba wake

Kinachofanya tatizo hili liwe gumu ni kwamba safu ya moja tupu na safu ya miaka zinaelekea karibu upande mmoja. 2001 na 2005 ni namba tofauti, lakini ukizitazama kutoka sifuri zinakaribia kuwa namba moja. Ukaribu huo hupimwa kwa kipimo cha unyeti, kinachoandikwa κ. Safu zikikutana kwa pembe mraba na zikiwa na urefu sawa, κ ni 1. Zikielekea kulala moja juu ya nyingine, κ inapanda bila kikomo. Kwa data yetu, baada ya kusawazisha urefu wa safu, κ ni karibu 2,830.

Kwa makadirio ya haraka, κ ya 10³ inakula tarakimu tatu za jibu. QR inalipa κ. Milinganyo ya nomali inalipa mraba wa κ, kwa sababu kipimo cha unyeti cha AᵀA ni κ² hasa, wala si takribani. Mraba wa 2,830 ni karibu milioni 8, yaani karibu tarakimu saba. Kikokotoo chenye tarakimu sita hakiwezi kulipa saba. Kinaweza kulipa tatu na nusu, na kwa data yetu ya upole QR ilitoka ikiwa na zaidi ya hapo.

Bila shaka hakuna anayefanya kazi kwa tarakimu sita. Usahihi maradufu una karibu tarakimu 16, na huko mstari wetu unatatuliwa kwa milinganyo ya nomali bila tatizo: unapoteza saba, unabaki na tisa, na tisa zinamtosha mtu yeyote. Lakini hesabu nyingi siku hizi hufanywa kwa `float32`, yenye karibu tarakimu saba. Mpaka wa milinganyo ya nomali huko ni κ ya 4,096 hivi, yaani kipeo cha pili cha 4,096 ndicho kinachomaliza biti 24 zote. κ yetu ya 2,830 iko mlangoni kabisa. Mstari wa mwaka dhidi ya kipimo, kazi ya kila siku, unaweza kuharibika pale.

Na kwenye usahihi maradufu hauhitaji kwenda mbali. Badala ya mstari, weka mpindo kwa miaka ileile mitano: ongeza safu ya t², kisha ya t³. Hivi ndivyo κ inavyopanda, na hivi ndivyo tarakimu zinavyobaki katika 16:

| Mpindo | κ (karibu) | QR inabakiza | Nomali inabakiza |
|---|---|---|---|
| c + m·t | 2,830 | 12 | 9 |
| mpaka t² | milioni 10 | 9 | 2 |
| mpaka t³ | bilioni 40 | 5 | hakuna |

Mstari wa pili ndio ninaouogopa zaidi. Wa tatu angalau Cholesky ina uwezekano mkubwa wa kukataa, kwa kukuta egemeo hasi au sifuri. Wa pili unakamilika salama, hakuna onyo, namba zinatoka na tarakimu 16 nzuri kwenye skrini, na za kuaminika ni mbili za mwanzo.

Jambo hili lilionekana hadharani mwaka 1967. Longley alichukua data ya ajira ya Marekani ya miaka 1947 hadi 1962, nukta 16 na safu sita za maelezo, mwaka ukiwa mojawapo, akaipitisha kwenye programu za kompyuta za wakati ule na kulinganisha na jibu alilokokotoa kwa mkono. Programu zilitofautiana vibaya, nyingine zikikosea tangu tarakimu za mwanzo. Data hiyo bado inatumika kupimia programu za takwimu.

Pale QR nayo inapolipa mraba

Ingekuwa kuwapotosha wasomaji kusema QR hailipi κ² kamwe. Data yetu ililala juu ya mstari kabisa, baki likawa sifuri. Baki likiwa kubwa, hali inabadilika.

Fikiria safu wima za A zinatandaza bapa, na jibu ni kivuli cha b juu ya bapa hilo. Kosa dogo la ukadiriaji kwenye A linalipindisha bapa kidogo, na safu zikiwa karibu kulala pamoja, upindaji unakuzwa mara κ. Kama b imelala juu ya bapa, upindaji huo hauisogezi sana. Kama b imesimama mbali, kivuli chake kinasogea kwa kadiri ya umbali huo, na kusogea huko kunakuzwa tena mara κ tunapokieleza kwa safu zilezile zilizokaribiana. Kwa hiyo kosa la QR lina sehemu mbili: moja inakua kwa κ, nyingine kwa κ² ikizidishwa na ukubwa wa baki.

Hiyo sehemu ya pili si kasoro ya QR. Ni unyeti wa swali lenyewe. Mabadiliko madogo kwenye data yangesogeza jibu kiasi hichohicho. QR ya Householder inatoa jibu kamili la tatizo lililo jirani mno na lako, tofauti ikiwa kwenye tarakimu ya mwisho tu. Milinganyo ya nomali haiwezi kutoa ahadi hiyo. Inalipa κ² hata baki likiwa sifuri, kama tulivyoona.

Kinachotokana na hili kwa anayechagua: data yenye kelele nyingi, baki likiwa, tuseme, nusu ya ukubwa wa b, inapunguza faida ya QR. Njia zote mbili zitatoa makosa ya ukubwa unaofanana, mradi κ haijafikia pale AᵀA inapovunjika kabisa, karibu milioni 100 kwenye usahihi maradufu. Data safi inayofuata modeli kwa karibu, kama ya kurekebisha vipimio vya maabara au upimaji wa ardhi, ndiyo inayonufaika zaidi na QR. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Gharama

Kwa nukta m na safu n, kuunda AᵀA kunahitaji operesheni karibu mn², na Cholesky n³/3 juu yake. QR ya Householder inahitaji 2mn² − 2n³/3. Nukta zikiwa nyingi kuliko safu, QR ni mara mbili. Kwa nukta milioni moja na safu 20, hiyo ni milioni 400 dhidi ya milioni 800, na kompyuta ya mezani humaliza zote mbili kabla hujainua kichwa. Tofauti hiyo pekee sioni kama ni sababu ya kuikwepa QR, isipokuwa unatatua tatizo hilo maelfu ya mara kwa sekunde.

Hoja yenye uzito zaidi kwa nomali ni kumbukumbu. AᵀA ya safu 20 ni namba 210 tu ukihesabu ulinganifu, na data inaweza kupita rundo kwa rundo: unajumlisha, unatupa, unaendelea. Hata hivyo QR nayo inajua kufanya hivyo. Rundo jipya likifika, liweke chini ya R ya zamani, uchanganue rundo hilo refu upya, ubakize R mpya. R ina namba 210 zilezile. b inaambatana kama safu ya mwisho.

Ninavyochagua

Kabla ya kuchagua njia, rekebisha safu. Katika mfano wetu, toa 2003 kwenye kila mwaka, na AᵀA inakuwa na 5 na 10 kwenye mshazari na sifuri kwingineko. Ukisawazisha urefu wa safu, κ ni 1. Milinganyo ya nomali inatoa m = 2 na c = 7 hata kwa tarakimu mbili. Robo tatu ya matatizo ninayoyaona ya “njia kukosea” ni ya kuingiza miaka, halijoto za Kelvin au kodineti za ramani zikiwa ghafi. Kwa mpindo wa vipeo vya juu zaidi, kutoa wastani peke yake huenda kusitoshe. Tumia polinomiali zenye pembe mraba.

Baada ya hapo, QR ndiyo ninayoanza nayo, nayo ni mistari miwili:

```python
import numpy as np
from scipy.linalg import solve_triangular

Q, R = np.linalg.qr(A)
x = solve_triangular(R, Q.T @ b)
```

`np.linalg.qr` hutumia Householder, kwa hiyo kuzidisha `Q.T @ b` hapa ni salama. Nomali naichukua κ ikiwa chini ya elfu kumi hivi kwenye usahihi maradufu, safu zikiwa chache na nukta zikiwa nyingi mno, au ninapoongeza namba chanya λ kwenye mshazari wa AᵀA, kwa kuwa λ yenyewe inaizuia κ isipande. Nikiichukua, natumia Cholesky:

```python
from scipy.linalg import cho_factor, cho_solve

x = cho_solve(cho_factor(A.T @ A), A.T @ b)
```

Usiandike `np.linalg.solve(A.T @ A, A.T @ b)`, ingawa utaikuta kila mahali. Inatumia mchanganuo wa LU, ambao hulalamika egemeo likiwa sifuri kamili tu. Cholesky hukataa pia egemeo likitoka hasi, na hiyo ni dalili ya bure ambayo haifai kuitupa.

Na kama huijui κ, R itakwambia. Chukua kila namba ya mshazari wake na uigawanye kwa urefu wa safu wima inayohusika ya A:

```python
s = np.abs(np.diag(R)) / np.linalg.norm(A, axis=0)
```

Uwiano huo unaonyesha ni sehemu gani ya safu hiyo ni mpya, isiyokwisha kuelezwa na safu zilizotangulia. Kwa miaka yetu, 3.16228 gawanya kwa urefu wa safu ya miaka, 4478.85, ni 0.0007: sehemu saba katika elfu kumi. Kwa safu ya t² ni karibu 4 × 10⁻⁷, na kwa t³ ni 2 × 10⁻¹⁰. Uwiano mdogo kabisa ukiwa chini ya 10⁻⁴, nomali naiweka kando. `lm` ya lugha ya programu iitwayo R, ambayo hutumia QR, inafanya ukaguzi wa aina hii ndani yake: safu ambayo sehemu yake mpya imeshuka chini ya 10⁻⁷ inaondolewa, na mahali pa kigezo chake panaandikwa `NA`. Ukiweka miaka ghafi mpaka t³, utaiona `NA` hiyo kwenye t³, na tiba yake ni kurudi kwenye safu na kutoa 2003.